Bei ya kwanza na hatua za kuilegeza: jinsi ya kujadiliana na afisa manunuzi wa kampuni kubwa

Wafanyabiashara wadogo wa Kampala wanaouza bidhaa kwa viwanda vya sukari, bia na saruji, au kwa kampuni za simu, huketi mezani na mtu ambaye kujadili bei ndiyo kazi yake ya kila siku. Tarakimu ya kwanza inayotamkwa mezani hapo, na namna inavyopunguzwa baadaye, humweleza afisa huyo mahali bei ya chini kabisa ya muuzaji ilipo, hata kama muuzaji mwenyewe hakuitaja.

Mazoea ya sokoni hayatoshi kwa mazungumzo ya namna hii. Katika soko la Owino mnunuzi anatumia fedha zake mwenyewe, na akiridhika hutoa noti na kuondoka na mzigo. Afisa manunuzi anatumia fedha za kampuni, na kila uamuzi wake lazima uwe na maelezo ndani ya jalada. Aghalabu hutakiwa kukusanya kotesheni tatu, kuzilinganisha katika jedwali, na kuandika kwa nini amemchagua mmoja. Kazi yake yenyewe hupimwa kwa kile ambacho makampuni huita akiba, yaani tofauti kati ya bei iliyoletwa mwanzoni, au bei ya mwaka uliopita, na bei iliyokubaliwa mwishoni.

Kwa sababu hiyo afisa anahitaji punguzo hata pale bei inapokuwa ya haki. Muuzaji mwungwana anayekuja na bei yake ya mwisho tangu siku ya kwanza, akitumaini kwamba ukweli wake utathaminiwa, hampi afisa kitu cha kuandika katika taarifa yake. Naye afisa ataendelea kumbana hadi akipate. Hata hivyo, afisa huyohuyo hatafuti bei ya chini kuliko zote duniani. Mzigo usipofika kwa wakati au ukifika ukiwa mbovu, lawama humwangukia yeye, na akiba aliyoiandika haitamwokoa.

Nanga inavyofanya kazi

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha maelezo ya jaribio ambalo hadi leo hutajwa kila panapozungumzwa bei ya kwanza. Walizungusha gurudumu la bahati mbele ya washiriki, gurudumu lililotengenezwa kwa siri ili lisimame kwenye 10 au kwenye 65 pekee. Kisha washiriki waliulizwa kama asilimia ya nchi za Afrika miongoni mwa wanachama wa Umoja wa Mataifa ni kubwa au ndogo kuliko namba hiyo, na baada ya hapo wakaombwa watoe makadirio yao wenyewe. Waliooneshwa 10 walikadiria kwa wastani wa kati asilimia 25. Waliooneshwa 65 walikadiria 45. Namba iliyotokana na gurudumu, isiyohusiana hata kidogo na swali, iliyavuta makadirio ya watu kuelekea upande wake. Jambo hilo ndilo huitwa kutia nanga.

Mtu anaweza kudhani kwamba mweledi wa kazi yake hatavutwa. Mwaka 1987 watafiti Gregory Northcraft na Margaret Neale waliwapeleka madalali wa nyumba wa mji wa Tucson, jimboni Arizona, kukagua nyumba halisi. Wote walipewa maelezo yaleyale ya nyumba, ila bei iliyotangazwa ilibadilishwa kutoka kundi moja hadi jingine. Makadirio ya madalali yalifuata bei waliyooneshwa, ingawa wengi wao walisema hawakuitegemea. Afisa manunuzi naye ni mweledi wa namna hiyo: anaijua bei ya soko kwa upana wake, lakini ndani ya upana huo tarakimu aliyoitangulia kuiona humvuta.

Nanga haifanyi kazi kwa ukubwa wake tu. Mwenye kutaja bei anahitaji kuwa na maelezo yanayoisimamisha, kwa maana afisa atayahitaji maelezo hayo kwa ajili ya jalada lake. Bei kubwa isiyo na sababu huonekana kama mzaha, na katika jedwali la kotesheni tatu huondolewa kabla muuzaji hajaitwa kuzungumza.

Karakana na ovaroli 1,200

Tuchukue mfano wa karakana ya ushonaji mjini Kampala iliyoombwa kotesheni ya ovaroli 1,200 za wafanyakazi wa kiwanda. Mfano huu ni wa kubuni na bei zake ni za kueleza hoja, ila mwenendo wake ni ule unaokutwa katika biashara ya kweli. Kiasi chote ni shilingi za Uganda.

Kwanza mwenye karakana anahesabu gharama. Kila ovaroli inakula mita tatu na nusu za kitambaa kizito, kwa 31,500. Zipu, vifungo, uzi na utepe wa kuakisi mwanga ni 7,500. Ujira wa ushonaji ni 9,000, na umeme, pango pamoja na usafirishaji hadi ghala moja ni 4,000. Jumla ni 52,000.

Pili anajiuliza atafanya nini iwapo mazungumzo yatavunjika. Roger Fisher na William Ury, katika kitabu chao cha mwaka 1981 kuhusu majadiliano, walisisitiza kwamba nguvu ya mtu mezani hutokana na mbadala alio nao nje ya meza. Mwenye karakana huyu ana wenye maduka ya jumla wanaochukua ovaroli kama hizo kwa 58,000, fedha taslimu. Hiyo basi ndiyo sakafu yake: kuuza chini ya 58,000 kwa kampuni ni sawa na kujinyima. Anaandika pia lengo lake, 64,000, na kulitia mfukoni. Kuliandika kuna faida yake. Adam Galinsky na Thomas Mussweiler, katika utafiti wao wa mwaka 2001, waliona kwamba nguvu ya bei ya kwanza ya upande wa pili hupungua pale mtu anapoelekeza fikra zake kwenye lengo lake mwenyewe, au kwenye mbadala dhaifu wa mwenzake, badala ya kuitazama tarakimu aliyorushiwa.

Tatu anapanga bei ya kufungulia. Anajua kwamba bidhaa ya namna hii huuzwa kwa makampuni kati ya 60,000 na 74,000, kulingana na huduma zinazoambatana nayo. Anafungua kwa 72,000, na ndani ya bei hiyo anaweka huduma kamili: kumpima kila mfanyakazi, kupeleka mizigo katika ghala nne za kiwanda, na malipo ndani ya siku 30 baada ya ankara. Upimaji unamgharimu 1,400 kwa kila vazi, na usafirishaji wa ziada 1,200. Kwa njia hii 72,000 si bei iliyopuliziwa hewa. Ni bei ya huduma kamili, nayo ina vipande vinavyoweza kuondolewa kimoja kimoja.

Kwa nini asifungue kwa 66,000, karibu zaidi na lengo lake? Howard Raiffa, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyeandika kuhusu majadiliano mwaka 1982, alionesha kwamba pale pande mbili zinapotaja bei zenye mantiki, katikati ya bei zao za kwanza ni kadirio zuri la mahali watakapoishia. Afisa akijibu kwa 54,000, katikati ya 66,000 na 54,000 ni 60,000. Katikati ya 72,000 na 54,000 ni 63,000. Tofauti ya 3,000 kwa kila vazi, kwa mavazi 1,200, ni shilingi milioni 3.6, nayo imeamuliwa kabla hata chai haijaletwa.

Nanga ya upande wa pili

Afisa naye ana nanga zake, na iliyo kali kuliko zote ni bei ya mwaka jana. Katika mfano huu anafungua jalada na kusema, "Bei yako iko juu sana. Mwaka jana tulinunua kwa 54,000."

Kosa la kawaida hapa ni kujibu mara moja kwa tarakimu. Muuzaji akisema, "Basi hata 65,000," amekwisha kukubali kwamba 54,000 ni upande wa pili wa mizani, na ameshuka 7,000 bila kupewa chochote. Njia iliyo bora ni kuuliza 54,000 hiyo ilinunua nini. "Je, bosi, zile za mwaka jana zilikuwa na utepe wa kuakisi mwanga? Kitambaa kilikuwa cha uzito gani? Mlilipa baada ya siku ngapi?" Mara nyingi hubainika kwamba kitambaa kilikuwa chepesi, au kwamba wafanyakazi walilalamika mishono ikafumuka ndani ya miezi michache. Afisa hatakiri yote, lakini maswali hayo huigeuza 54,000 kutoka kuwa kipimo cha bei hii na kuwa bei ya bidhaa nyingine. Kisha muuzaji huirudisha bei yake mwenyewe mezani pamoja na maelezo yake, ili mazungumzo yaanzie hapo.

Nanga nyingine ya afisa huja kwa sura ya swali la upole: "Niambie tu bei yako ya mwisho ni ipi." Swali hili halina jibu jema la tarakimu. Atakayetaja bei yake ya mwisho ya kweli ataona imegeuzwa kuwa bei ya kwanza, na majadiliano yataanza upya kutokea hapo kwenda chini. Jibu linalofaa ni kuihusisha bei na masharti: bei inategemea mzigo unapelekwa wapi, kwa vipimo gani, na unalipwa lini.

Umbo la punguzo

Muuzaji anapoanza kushuka, afisa haangalii tu bei aliyofikia. Anaangalia urefu wa kila hatua, maana hatua hizo ndizo zinazomwonesha sakafu iko wapi.

Fikiria muuzaji anayeshuka kutoka 72,000 hadi 68,000, kisha 64,000, kisha 60,000. Kila akibanwa anaachia 4,000. Afisa anajifunza kwamba kubana kunalipa sawasawa kila mara, na hana sababu ya kuacha. Yuko mwingine ambaye umbo la punguzo lake ni baya zaidi: anaachia 1,000, kisha 2,000, kisha 4,000, kisha 7,000, kwa sababu uchovu na hofu ya kupoteza oda vinaongezeka kadiri mazungumzo yanavyorefuka. Huyo anamfundisha afisa kwamba kungoja ni faida. Ameshafika 58,000, sakafu yenyewe, na afisa bado anaamini kuna nafasi kubwa chini yake.

Hatua zinazopungua huleta ujumbe wa kinyume. Mwenye karakana katika mfano wetu anashuka kwanza kwa 3,000, hadi 69,000, kwa sharti kwamba mzigo wote upelekwe katika ghala moja badala ya nne. Afisa anapanda kutoka 54,000 hadi 60,000. Muuzaji anashuka kwa 1,500, hadi 67,500, kwa sharti kwamba zishonwe saizi za kawaida badala ya kumpima kila mtu. Afisa anapanda hadi 63,000. Muuzaji anaachia 700, hadi 66,800, kwa sharti kwamba mzigo ukaguliwe ndani ya siku 5 tangu upokewe, kwa kuwa katika kampuni hiyo siku za malipo huanza kuhesabiwa baada ya ukaguzi, na mzigo huweza kukaa ghalani majuma mawili bila mtu kuugusa.

Hatua zake ni 3,000, kisha 1,500, kisha 700. Mtu yeyote anayeziandika pembeni ya karatasi anaona zinaelekea wapi. Zaidi ya hayo, kila hatua imebadilishwa na kitu. Hatua ya kwanza na ya pili zimemwondolea muuzaji gharama ya 2,600, kwa hiyo kati ya 4,500 alizoziachia, zilizotoka kweli katika faida yake ni 1,900. Lenye uzito zaidi ni kwamba afisa ameona kila punguzo lina sababu. Punguzo lisilo na sababu huzua swali la hatari: kama bei iliweza kushuka hivihivi, je, ile ya mwanzo ilikuwa ya kweli?

Namna ya kuitamka inaonekana jambo dogo, lakini sharti hutangulizwa kabla ya bei: "Mkipokea kwa ghala moja, naweza kufika 69,000." Likitamkwa kinyume, "Naweza kufika 69,000, ila mpokee kwa ghala moja," afisa ataandika 69,000 na kuanza kujadili ghala.

Hatua za afisa nazo zisomwe vivyo hivyo. Katika mfano huu amepanda 6,000, kisha 3,000. Naye anapunguza mwendo, ishara kwamba anakaribia kikomo cha bajeti yake au kikomo anachotaka kionekane. Ishara nyingine ni pale anapoacha kuzungumzia bei na kuanza kuuliza tarehe za kupeleka mzigo, idadi ya saizi, au jina litakaloandikwa kwenye hati ya oda. Mtu ambaye bado anatafuta muuzaji mwingine hana haja ya maelezo hayo.

Bei nzuri yenye siku 90

Baada ya 66,800 afisa anasema, "Nitakupa 65,500, lakini malipo ni siku 90. Ndiyo sera ya idara ya fedha." Kwa haraka, toleo hili linaonekana jema. Lengo lililo mfukoni lilikuwa 64,000, na hili limelipita kwa 1,500.

Hapa ndipo hesabu inapohitajika. Ili kushona mavazi 1,200 kwa gharama ya 52,000, karakana inatoa shilingi milioni 62.4 kabla ya kulipwa chochote. Iwapo fedha hizo ni mkopo wa benki wenye riba ya asilimia 20 kwa mwaka, kungoja siku 60 zaidi ya zile 30 kunagharimu takriban milioni 2.05, sawa na 1,710 kwa kila ovaroli. Kwa hiyo 65,500 ya siku 90 ni sawa na 63,790 ya siku 30, yaani chini ya lengo. Afisa amechukua punguzo bila kulitaja kuwa punguzo, na pengine hata katika taarifa yake halionekani, kwa kuwa akiba huandikwa kwa bei na si kwa siku.

Mwenye karakana anajibu kwa kutoa njia mbili zilizo sawa kwake: 66,400 kwa siku 30, au 68,100 kwa siku 90. Ameachia 400 tu, na hatua zake bado zinapungua. Njia mbili zina manufaa ya kumfanya afisa aoneshe kinachoiuma kampuni zaidi. Siku mbili baadaye afisa anarudi na jibu kwamba idara ya fedha inakubali siku 30, ila bei iwe 66,000. Wanamalizia kwa 66,250. Jumla ya oda ni shilingi milioni 79.5. Afisa ana punguzo la karibu asilimia 8 la kuandika, na muuzaji amepita lengo lake kwa 2,250 kwa kila vazi.

Kabla ya kutia saini kuna neno moja la kuhakikisha. Bei zote hizi ni kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchini Uganda ni asilimia 18. Endapo hati ya oda itaandikwa 66,250 pamoja na kodi hiyo, kinachobaki kwa muuzaji ni takriban 56,140, chini ya sakafu yake, na majadiliano yote yatakuwa yamepotea kwa neno moja. Makampuni yaliyoteuliwa na mamlaka ya mapato pia hukata kodi ya zuio ya asilimia 6 yanapolipa. Fedha hizo hazipotei, kwa kuwa hukatwa katika kodi ya mapato ya muuzaji baadaye, lakini kwa oda hii ni shilingi milioni 4.77 ambazo hazitakuwapo siku ya kununua kitambaa kingine. Hili ni suala la mtiririko wa fedha, na muuzaji mwerevu hulipangia mapema badala ya kulitaja mezani kama sababu ya bei.

Pale mbinu hizi zisipofaa

Yapo mazingira ambamo nanga na hatua hazina kazi. Katika zabuni iliyofungwa kwa bahasha, bei huandikwa mara moja, na anayefungua kwa bei ya juu ili baadaye ashuke hapati hiyo baadaye. Manunuzi ya serikali ya Uganda husimamiwa na sheria ya mwaka 2003, na chini ya utaratibu wa zabuni ya wazi nafasi ya kujadili bei ni finyu sana. Makampuni mengine huendesha mnada wa kushuka kupitia mtandao, ambamo wauzaji huona bei ikiteremka kwenye skrini na kuulizwa kama watateremka zaidi. Katika mnada huo kitu pekee kinachomlinda muuzaji ni sakafu aliyoiandika kabla ya kuketi mbele ya kompyuta.

Vilevile, pale muuzaji asipoijua kabisa bei ya soko, kutangulia kutaja bei kunaweza kumdhuru. Anaweza kufungua chini ya kiasi ambacho kampuni ilikuwa tayari kulipa, na hatajua kamwe. Katika hali hiyo ni afadhali apate kwanza dodoso la bei kutoka kwa wauzaji wenzake wa vitambaa na madereva wanaopeleka mizigo kiwandani, maana hao husikia mengi.

Na endapo afisa ataomba pembeni asilimia fulani iwe yake, hayo si majadiliano ya bei tena. Ni rushwa, na hakuna hesabu ya nanga inayohusika nayo.

Baada ya kupeana mikono

Mara nyingi shinikizo la mwisho huja wakati muuzaji ameshafurahi. Ujumbe unafika: "Mkurugenzi anaomba asilimia 3 zaidi, kisha tutatoa hati ya oda leo." Kwa oda ya mfano wetu hiyo ni shilingi milioni 2.385. Kama hatua za awali zilikuwa kubwa na zisizo na sababu, ombi hili litaonekana la haki, na kulikataa litakuwa gumu. Zilipokuwa zimepungua hadi 400 na 150, afisa mwenyewe anajua kwamba anaomba kitu ambacho hakipo, na mara nyingi analileta ombi hilo kwa sababu tu ameagizwa alilete.

Kukataa kwa ukavu humweka afisa mahali pabaya mbele ya mkurugenzi wake. Mwenye karakana anamwandikia kwamba bei ya kila vazi haiwezi kubadilika kwa kitambaa kile, lakini atatoa shilingi 500,000 kwa mara moja tu, zikiandikwa katika mstari wake tofauti wa ankara, iwapo malipo yatafanyika ndani ya siku 14 badala ya 30. Kulipwa siku 16 mapema kunamwokolea riba ya takriban 547,000, kwa hiyo hajapoteza. Afisa amepata cha kumpelekea mkurugenzi.

Mstari huo tofauti una maana kubwa zaidi ya nusu milioni yenyewe. Mfumo wa manunuzi wa kampuni hutunza bei ya kila kipande iliyoandikwa kwenye oda, na mwaka ujao afisa, huyu au mwingine atakayemrithi, atafungua jalada na kuisoma kama bei ya mwaka jana. Endapo punguzo lingechanganywa ndani ya bei, angesoma 65,833. Sasa atasoma 66,250.